Kasri la kumbukumbu ndani ya nyumba ya Kiamu

Msimu wa mitihani unapokaribia, simu za wanafunzi wa Lamu na Malindi hujaa video fupi za watu wanaotaja karata za pakiti nzima bila kukosea mpangilio, kisha wakaeleza kwamba siri yao ni "kasri la kumbukumbu". Maneno hayo yamezua mkanganyiko mkubwa. Kuna wazazi walioelewa kwamba ni kipaji ambacho mtoto huzaliwa nacho, kuna wanaodhani ni kiinimacho, na kuna wanafunzi walioichukua kuwa njia ya kupita mtihani bila kusoma. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo sahihi. Makala haya yanaeleza mbinu yenyewe ni nini, inavyojengwa hatua kwa hatua, na inapokomea, kwa kutumia mfano mmoja tu: jinsi mwanafunzi anayeishi katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale wa Lamu anavyoweza kuhifadhi elementi kumi za kwanza za kemia kwa mpangilio wake.

Kasri la kumbukumbu ni mahali halisi unapopajua vizuri, ambapo ndani ya akili unaweka vitu unavyotaka kuvikumbuka, kimoja kimoja, katika sehemu zilizopangwa. Kila sehemu ya kuwekea tutaiita kituo, na kile kinachowekwa hapo tutakiita taswira, yaani picha ya akilini inayosimama badala ya neno. Unapotaka kukumbuka, unatembea kwa fikra kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, na kila kituo kinakurudishia taswira uliyoiacha. Neno "kasri" lisimtishe mtu, kwa kuwa hakuna haja ya jengo kubwa. Nyumba unayolala, njia ya kwenda shule, hata msikiti wa mtaani, vyote vinafaa alimradi unaweza kuvipita ukiwa umefumba macho.

Mbinu hii ni ya kale sana. Sisero, msemaji maarufu wa Roma, aliandika mwaka 55 KK simulizi ya mshairi wa Kigiriki aitwaye Simonide, aliyetoka nje ya karamu muda mfupi kabla ya paa kuwaangukia waliokuwamo. Maiti hazikuweza kutambulika, lakini Simonide aliwataja wote kwa kukumbuka kila mmoja alikuwa ameketi wapi. Iwe kisa hicho kilitokea hivyo au la, kinaonyesha jambo ambalo kila mtu anaweza kulithibitisha kwake mwenyewe: akili ya binadamu hushika mahali bila kujitahidi. Hakuna mtoto wa Mkomani aliyewahi kukaa na daftari ili akariri vichochoro vya mtaa wake, lakini anavijua vyote, pamoja na vibaraza na milango yake. Orodha ya majina makavu, kwa upande mwingine, haina mahali, haina umbo na haina sababu ya kufuatana, na ndiyo maana hupotea. Mbinu hii huchukua kile ambacho akili hushika kwa shida na kukifunga kwenye kile inachoshika kwa urahisi.

Kuhusu kipaji, utafiti uko wazi. Mwaka 2003, Eleanor Maguire na wenzake wa London waliwachunguza watu waliofanya vizuri sana katika mashindano ya kumbukumbu duniani, wakakuta kwamba akili zao kwa vipimo vya kawaida hazikuwazidi watu wengine, wala ubongo wao haukuwa na umbo tofauti. Tofauti ilikuwa kwamba karibu wote walitumia njia na vituo. Kisha mwaka 2017, Martin Dresler wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, pamoja na wenzake, waliwafundisha mbinu hii watu wasiokuwa na uzoefu wowote, kwa nusu saa kila siku, vipindi 40. Kabla ya mafunzo walikumbuka chini ya nusu ya maneno 72 waliyopewa. Baada ya mafunzo walikumbuka wastani wa maneno 62 hivi, na miezi minne baadaye sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa bado ipo. Kwa hiyo ni ustadi unaofunzwa, kama ulivyo uchongaji wa milango. Na hao mabingwa hawana kumbukumbu ya kupiga picha ukurasa mzima: ukiwapa orodha bila nafasi ya kutumia mbinu yao, wanarudi kuwa watu wa kawaida.

Sasa tuingie nyumbani. Nyumba ya kale ya Kiamu inafaa mno kwa kazi hii kwa sababu mpango wake una mfuatano usiobadilika, kutoka kwa mgeni hadi kwa mwenyeji, kutoka hadharani hadi faraghani. Kituo cha kwanza ni baraza la mawe lililo kwenye daka, ukumbi mdogo wa nje ya mlango. Cha pili ni mlango wa nakshi. Cha tatu ni tekani, pale unapopinda kabla ya kuona ndani. Cha nne ni kiwanda, ule uwazi wa katikati usio na paa, na tuseme kuna mti wa asmini hapo. Cha tano ni msana wa tini, yaani ukumbi mrefu wa kwanza unaoelekea kiwanda, kwenye kiti cha enzi. Cha sita ni msana wa yuu, ukumbi wa pili ulio nyuma ya huo, kwenye kitanda. Cha saba ni chumba cha faragha kiitwacho ndani, penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Cha nane ni choo, penye birika la maji. Cha tisa ni nyumba kati, chumba kidogo cha nyuma kabisa, penye sanduku la nguo. Cha kumi ni ngazi ya kupandia darini. Nyumba hazilingani zote, kwa hivyo kila msomaji afuate mpangilio wa nyumba yake mwenyewe, lakini asiruke mbele na kurudi nyuma. Njia isijikate.

Kabla ya kuweka kitu chochote, vituo vitembelewe vikiwa vitupu. Simama kwa miguu yako katika kila kimoja, kitazame, ukitaje namba yake. Kisha ukae mahali pengine uvitaje vyote kuanzia kimoja hadi kumi, halafu kuanzia kumi hadi kimoja. Wanafunzi wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kutaka kuona ajabu, kisha katikati ya zoezi wakajikuta wanahangaika kutafuta kituo cha sita kilikuwa wapi. Vituo vikiyumba, kila kitakachowekwa juu yake kitayumba.

Kazi inayobaki ni kugeuza majina kuwa taswira, na hapa ndipo penye ustadi wenyewe. Neno la kitaalamu halina picha. "Haidrojeni" haionekani, haishikiki, wala haifanani na kitu. Tunahitaji daraja, na madaraja yaliyo bora ni ya aina mbili: sauti ya neno, au jambo la kweli linalohusu kitu chenyewe. Panapowezekana, tumia yote mawili kwa pamoja, kwa sababu sauti inakurudishia jina na jambo la kweli linakuzuia usilikosee.

Kwenye baraza, mzee amevaa kanzu nyeupe, na punda anayepita anamwagia ndoo nzima ya maji. Mzee hakasiriki, anarudia tu kwa sauti kubwa: "Haidhuru! Haidhuru!" Hiyo ni haidrojeni, na maji yamo kwa sababu haidrojeni ni sehemu ya maji. Kwenye mlango wa nakshi, mamia ya maputo yamefungwa kwenye bawaba, mlango unang'oka na kupaa, na watu wanaupungia mikono wakisema "kwa heri". Hiyo ni heli, gesi inayojazwa kwenye maputo yapaayo. Tekani, ndugu wawili wanagombania kurithi betri moja ya simu, wanaivuta huku na huku mpaka inatoa moshi. Kurithi ni lithi, na betri za simu zina lithi kweli. Kiwandani, beberu mkubwa mwenye mkufu wa zumaridi anatafuna mti wa asmini hadi shina. Beberu ni berili, na zumaridi ni jiwe lenye berili ndani yake.

Kituo cha tano ni boroni, na kinastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu ndicho kinachofundisha zaidi. Sauti iliyo karibu ni "boriti", neno ambalo Mwamu halihitaji kufafanuliwa, maana boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari za mji huu. Mwanafunzi wa kawaida angeweka boriti darini kwenye msana wa tini, akaona kazi imekwisha. Akirudi kesho atakuta kituo kitupu. Boriti ipo palepale, lakini boriti darini ni jambo la kila siku, na jicho la akili hulipita kama jicho la kichwani linavyolipita. Kosa hilo lina historia yake. Mwanasaikolojia wa Kirusi Aleksanda Luria alimchunguza kwa miaka mingi mtu aliyekuwa na kumbukumbu ya ajabu, Solomoni Shereshevski, aliyekuwa akiweka taswira zake kwenye barabara anazozijua. Safari chache alizosahau kitu, sababu ilikuwa mahali alipokiweka: kwa mfano yai jeupe aliliegemeza kwenye ukuta mweupe, na alipopita tena kwa fikra hakuliona. Nyumba zetu zimepakwa chokaa nyeupe kutoka sakafuni hadi juu, kwa hivyo onyo hilo linatuhusu moja kwa moja. Dawa yake ni kuitoa boriti kwenye nafasi yake: boriti nyekundu iliyovishwa kilemba imekaa kwenye kiti cha enzi na inapiga meza ikidai chai. Hapo haipitiki.

Tuendelee. Msana wa yuu, kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe kimemwagiwa gunia zima la makaa, na mtu amelala juu yake bila habari. Makaa ni kaboni. Ndani, vikombe vya kauri vilivyo kwenye zidaka vinaruka kimoja kimoja vikinong'ona "nitoroke, nitoroke", na hiyo ni nitrojeni. Chooni, kale kasamaki kanakofugwa birikani kula viluwiluwi vya mbu kamefungwa mtungi wa hospitali na kifuniko cha puani, kanahema, na hiyo ni oksijeni. Katika nyumba kati, ukifungua sanduku unakuta foronya iliyofura, ukiibonyeza inatoka dawa ya meno kwa wingi hadi miguuni. Foronya ni florini, na madini yanayotiwa kwenye dawa nyingi za meno yana florini. Kwenye ngazi ya darini, neno moja tu limeandikwa kwa taa nyekundu inayowaka na kuzima. Neno ni neoni, gesi inayong'aa kwa wekundu ndani ya taa za matangazo.

Msomaji ataona kwamba taswira hizi zina mwendo, zina kelele, na zinakigusa kituo chenyewe: beberu hasimami tu karibu na asmini, anaitafuna. Kuunganisha huko ndiko kunakofanya kituo kimlete beberu na si kitu kingine. Taswira iliyotulia pembeni, hata iwe nzuri kiasi gani, mara nyingi huteleza.

Kuna jambo moja kuhusu zidaka ambalo wengi wanaoishi katika nyumba hizi hulitamani: kutumia kila kidaka kuwa kituo, maana ukuta mmoja wa ndani unaweza kuwa na vingi, vimejipanga safu safu. Ningeshauri wasifanye hivyo. Kitabu cha Kilatini cha ufasaha kilichoandikwa katika karne ya 1 KK, ambacho mwandishi wake hajulikani, kinaonya juu ya nafasi zilizo kati ya nguzo zinazofanana, kwamba kufanana kwake kutamchanganya mtumiaji. Onyo hilo ni sahihi vilevile kwa zidaka. Akili haiwezi kuamua kwa hakika kama vikombe vilikuwa kwenye kidaka cha tatu au cha nne, na orodha iliyopoteza mpangilio imepoteza nusu ya thamani yake. Kitabu hichohicho kinapendekeza kila kituo cha tano kiwekewe alama, kwa mfano mkono wa dhahabu wenye vidole vitano. Ukiuchonga mkono huo kwenye mgongo wa kiti cha enzi, utaweza kujibu swali la "elementi ya saba ni ipi?" bila kuanzia barazani: unaanza na tano, unasogea mbele vituo viwili, unakuta vikombe vinavyotoroka.

Mara baada ya kuweka taswira zote, funga daftari uzitembelee bila kuangalia. Rudia jioni hiyohiyo, kesho yake, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Wanaodai kwamba kitu kikishaingia kasrini hakitoki wanapotosha. Taswira hufifia kama kumbukumbu nyingine yoyote isipopitiwa, ingawa huhitaji marudio machache zaidi. Na kurudia maana yake ni kutaja kwa kinywa au kuandika kwenye karatasi tupu, kwa sababu kusoma tena orodha huku ukiitikia "naam, naijua" hakukuonyeshi umepoteza nini.

Ukikosea, aina ya kosa itakuambia tatizo liko wapi. Ukifika kituoni ukakuta patupu, taswira ilikuwa dhaifu au imefanana na mahali, kama boriti darini. Ukiikuta taswira lakini ukaandika neno lisilo sahihi, kwa mfano unawaona ndugu wawili vizuri lakini ulimi unasema "rithi", basi daraja la sauti halijakomaa. Hapo usibadilishe taswira, bali rudia mara kadhaa safari fupi kutoka kwenye taswira hadi kwenye jina kamili na alama yake, Li. Na ukikuta kitu cha orodha nyingine, umetumia nyumba hiyo mapema mno, kabla ya taswira za zamani kufifia. Washindani wa kumbukumbu huwa na njia nyingi, na njia iliyotumika huachwa ipumzike. Orodha ambayo unataka kuishika daima ipewe nyumba yake peke yake.

Majina ya watu yanahitaji utaratibu tofauti kidogo, kwa sababu hukutani na watu kwa mpangilio wa vyumba. Hapa kituo ni uso wenyewe. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba watu hukumbuka kazi ya mtu kwa urahisi kuliko jina lake, hata pale neno la kazi na la jina linapokuwa moja. Ukiambiwa mtu ni mwashi, papo hapo unaona mawe, chokaa na mwiko. Ukiambiwa anaitwa Mwashi, huoni chochote. Basi fanya makusudi kile ambacho jina halifanyi lenyewe. Umetambulishwa kwa Bwana Wafula aliyekuja kufanya kazi bandarini, na jambo la kwanza unaloliona ni paji lake pana: mwone akilifuta kwa fulana iliyolowa, inayotiririsha maji hadi kwenye nyusi. Chagua alama isiyobadilika, si miwani wala kofia, kwani kesho atakuja bila hivyo. Ijibu salamu yake kwa kulitaja jina, kisha ulipitie tena mnapoagana. Sababu kubwa ya kusahau majina huwa ni kwamba hatukuyasikia sawasawa tangu mwanzo, na kasri haliwezi kuhifadhi kisichoingia.

Wazazi wa Lamu huuliza pia kama mbinu hii inafaa kwa watoto wanaohifadhi Kurani au tenzi. Jibu langu ni kwamba kazi hizo ni tofauti. Kasri hushika vitu na mpangilio wake, lakini halishiki maneno yote ya matini neno kwa neno, kwa kuwa viunganishi na viambishi havina picha, na kutafuta taswira kwa kila kimoja ni mzigo mkubwa kuliko kukariri. Matini ya aina hiyo hushikwa kwa sauti, kwa kusikiliza, kutamka na kusahihishwa na mwalimu. Katika utenzi, mizani minane ya kila kipande na vina vinavyorudi hukataa wenyewe neno lisilo lake. Kasri linaweza kusaidia pembeni tu, kwa mfano kushika ni tukio gani linafuata katika utenzi mrefu ikiwa msomaji huruka kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Na mwanafunzi wetu asidhani kwamba akishajua oksijeni ni ya nane amejua kemia. Mbinu hii haikumwambia kwamba namba nane ni idadi ya protoni katika kiini cha atomu yake, wala kwa nini lithi hutoa elektroni yake moja kwa urahisi ilhali neoni haitoi wala haipokei. Hayo hueleweka kwa kufundishwa na kufanya mazoezi. Alichopata ni kwamba anapofikia mazoezi hayo hasimami kila mara kutafuta majina. Baada ya kuzitumia taswira hizo kwa majuma kadhaa, ataona kwamba anataja "nane, oksijeni" moja kwa moja bila kupita birikani. Hiyo ndiyo dalili kwamba nyumba imemaliza kazi yake kwa orodha hiyo.

Kwa elementi ya 11 hadi ya 20, asirudi barazani. Afungue njia ya pili, kwa mfano Usita wa Mui, njia kuu ya Mji wa Kale, kuanzia Ngome, akichagua maduka na pembe zisizofanana. Wa Malindi atumie njia yake ya kwenda Nguzo ya Vasko da Gama. Kituo cha kwanza kitakuwa cha sodiamu, na chumvi iliyorundikwa hadi kuziba lango la Ngome itatosha kwa kuanzia.